Rangi nyekundu inaposema uongo: jinsi ya kukagua taarifa ya hisa zako

Taarifa ya hisa kutoka kwa dalali ina namba nyingi, lakini inayotazamwa kwanza na karibu kila mtu ni moja: ile ya faida au hasara, iliyopakwa kijani au nyekundu. Namba hiyo hakuna aliyeipima. Imekokotolewa kutokana na nyingine iliyo safu chache kushoto kwake, yaani bei ya wastani ya ununuzi. Wastani ukiwa na kosa, kila kinachofuata kina kosa, hata kama bei ya soko ni sahihi na idadi ya hisa ni sahihi. Kwa hiyo mwongozo huu unakaa zaidi kwenye wastani. Ada, na gawio, yaani faida ambayo kampuni huwagawia wenye hisa, tutazipitia kwa sababu ndizo zinazoukamilisha ukweli, lakini mzizi ni wastani.

Nitatumia kisa cha mwalimu mstaafu wa hapa Kisumu, anayekaa upande wa Migosi. Alinunua hisa za Kenya Re kwa awamu mbili, akauza kiasi, na mwishoni taarifa yake ikaonyesha hasara. Bei na idadi nimezibadilisha ili hesabu ziwe nyepesi na mambo yake yabaki yake, na ada nimeiweka asilimia 1.8 kila mara. Yaliyofanywa na kampuni yenyewe ni ya kweli. Mwaka 2024 Kenya Re ililipa gawio la senti 30 kwa hisa kwa mwaka wa fedha wa 2023, kisha ikatoa hisa za bonasi, moja kwa kila moja, na hisa zake zote zikapanda kutoka takriban bilioni 2.8 hadi bilioni 5.6. Gawio lililofuata, la mwaka wa fedha wa 2024, likawa senti 15 kwa hisa.

Mstari wa Kenya Re kwenye taarifa yake ulisomeka hivi: hisa 6,000, `Avg Price`, yaani bei ya wastani, 1.98, bei ya soko 1.80, `Market Value`, yaani thamani sokoni, 10,800, `Unrealised P/L`, yaani faida au hasara iliyo bado sokoni, −1,080. Karibu asilimia tisa chini, kwa wino mwekundu. "Kijana wangu," aliniuliza, "mimi nimepoteza pesa ama sijapoteza?"

Kusanya karatasi kabla ya kugusa kikokotoo

Unahitaji vitu vinne, na kila kimoja kinatoka mahali tofauti. Hapo ndipo wengi hukwama, kwa kuwa wanadhani dalali anajua kila kitu.

Cha kwanza ni taarifa yenyewe ya dalali, ile unayotaka kuikagua. Cha pili ni hati ya kila ununuzi na kila uuzaji, ile inayoitwa `Contract Note`. Hutumwa kwa barua pepe au hukaa ndani ya programu ya dalali baada ya kila biashara, na ndiyo inayoonyesha siku, idadi, bei uliyopata na kila ada uliyokatwa. Cha tatu ni taarifa ya akaunti yako ya CDS kutoka CDSC, hazina kuu ya hisa. CDSC wanahesabu hisa, hawahesabu faida yako. Wanajua ni hisa ngapi ziliingia na ngapi zilitoka, na siku gani. Cha nne ni ushahidi wa gawio: karatasi ya malipo kutoka kwa msajili wa hisa wa kampuni, taarifa ya benki, au ujumbe wa M-Pesa.

Hiki cha nne kinahitaji maelezo. Nchini Kenya gawio kwa kawaida halipiti mikononi mwa dalali. Kampuni hulilipa kupitia msajili wake moja kwa moja kwenye benki yako au simu yako. Ndiyo maana taarifa nyingi za madalali hazina neno lolote kuhusu gawio, na faida wanayoonyesha haina hata senti yake. Ukiona safu ya gawio ni sifuri, usidhani hukulipwa. Yawezekana mfumo wa dalali hauna habari tu.

Kama umepoteza hati za zamani, mwandikie dalali aliyefanya biashara hiyo, hata kama ulishamhama. Kwa hisa ulizonunua kampuni ilipoingia sokoni kwa mara ya kwanza, bei ilikuwa moja kwa wanunuzi wa kawaida na inajulikana. Waliopanga foleni Nakuru na Kakamega mwaka 2008 kwa ajili ya Safaricom walilipa shilingi 5 kwa hisa.

Idadi kwanza, bei baadaye

Linganisha idadi ya hisa kwenye taarifa ya dalali na ile ya CDSC. Hiki ni kipimo cha dakika mbili, na kikifeli hakuna haja ya kuendelea na hesabu nyingine hadi ujue kwa nini.

Tofauti zisizo na ubaya huletwa na tarehe. Ukinunua hisa Nairobi, biashara hufanyika leo lakini makabidhiano hukamilika siku ya tatu ya kazi. Taarifa ya dalali ya tarehe 30 inaweza kuhesabu hisa ulizonunua tarehe 29, ilhali CDSC bado hawajaziona. Subiri siku chache, chukua taarifa upya. Tofauti ikibaki, na hasa ikiwa CDSC wana hisa nyingi kuliko dalali, fikiria bonasi ambayo dalali hajaiingiza, au hisa zilizo kwa dalali mwingine, maana akaunti moja ya mtu inaweza kuwa na hisa chini ya madalali zaidi ya mmoja. CDSC wakiwa na chache kuliko dalali, piga simu siku hiyo hiyo.

Kwa Mwalimu idadi ziliafikiana: 6,000 huku, 6,000 kule. Taarifa ya CDSC ilionyesha jambo jingine muhimu pia. Katika orodha ya miamala kulikuwa na mstari wa hisa 5,000 zilizoingia mwaka 2024 bila ununuzi wowote. Hiyo ndiyo bonasi. Weka alama kwenye kila mstari wa namna hiyo, kwa sababu ndiko kosa la wastani hupenda kujificha.

Jenga upya gharama yako

Chukua daftari au jedwali la kompyuta, uandike kila muamala kwa mpangilio wa tarehe. Ununuzi wa kwanza wa Mwalimu, mwaka 2023, ulikuwa hisa 3,000 kwa shilingi 1.90. Hiyo ni 5,700. Ada zilikuwa 102.60. Pesa iliyotoka mfukoni: 5,802.60. Ununuzi wa pili, mapema 2024, ulikuwa hisa 2,000 kwa shilingi 2.10, yaani 4,200, pamoja na ada 75.60. Pesa iliyotoka: 4,275.60.

Jumla: hisa 5,000, pesa 10,078.20. Gawanya, upate shilingi 2.0156 kwa hisa. Huo ndio wastani wake wa kweli baada ya manunuzi mawili.

Tazama namba mbili nyingine ambazo mtu angeweza kuzipata kwa karatasi hizo hizo. Ukijumlisha 1.90 na 2.10 ukagawanya kwa mbili, unapata 2.00. Hilo ni kosa, kwa kuwa hisa za bei ya chini zilikuwa nyingi kuliko za bei ya juu. Ukichukua 5,700 na 4,200 bila ada, ukagawanya kwa 5,000, unapata 1.98. Hiyo si makosa ya hesabu, ila ni wastani usio na ada. Na 1.98 ndiyo namba iliyokuwa kwenye taarifa. Hapo tayari tumejua jambo la kwanza kuhusu dalali huyu: wastani wake hauhesabu ada. Kila unapokagua taarifa, tafuta jibu la swali hilo mapema, wastani una ada au hauna, kwa sababu litakusaidia kutenganisha kosa na mazoea ya mfumo.

Jambo la pili lilikuwa zito zaidi. Namba 1.98 ni wastani wa kabla ya bonasi.

Bonasi huongeza hisa, haiongezi gharama

Kampuni inapotoa bonasi ya hisa moja kwa kila moja, mwenye hisa 5,000 anaamka na 10,000. Hajalipa chochote. Kampuni nayo haijapata shilingi mpya. Ni thamani ile ile iliyokatwa vipande maradufu, na bei sokoni hushuka kwa takriban nusu kufuata hilo. Kwa hiyo pesa ya Mwalimu inabaki 10,078.20, hisa zinakuwa 10,000, na wastani unakuwa shilingi 1.0078. Bila ada ungekuwa 0.99.

Mfumo wa dalali uliingiza hisa 5,000 mpya, ndiyo maana idadi ilikuwa sahihi, lakini haukugusa wastani. Ukaendelea kusema kila hisa ilinunuliwa kwa 1.98. Kwa maneno mengine, taarifa ilidai Mwalimu ametumia 19,800 kununua hisa 10,000, pesa ambayo hajawahi kuitoa. Bei ya soko ilipofuata bonasi na kushuka, hasara ikajitokeza kwenye skrini bila mtu kupoteza kitu.

Kosa hili unaweza kulitambua bila hesabu ndefu. Zidisha idadi ya hisa kwa wastani ulioandikwa, kisha ujiulize: niliwahi kutoa pesa hii? Kama jibu ni hapana, na tofauti inakaribia kuwa maradufu au sehemu fulani iliyo kamili, tafuta bonasi au mgawanyo wa hisa katika historia ya kampuni. Si lazima bonasi iwe hisa moja kwa kila moja. Co-operative Bank mwaka 2017 walitoa bonasi ya hisa moja kwa kila tano, na hapo wastani wa zamani unatakiwa kuzidishwa kwa 5 na kugawanywa kwa 6. Kosa la namna hiyo ni gumu kulishika, kwa kuwa linafanana na hasara ya kawaida ya soko, ya asilimia kumi na kitu.

Kwenye jedwali la kompyuta, bonasi inaandikwa kama ununuzi wa bei sifuri na ada sifuri. Weka tarehe kwenye safu A, idadi ya hisa B, bei C, ada D. Safu E ni pesa iliyotoka. Manunuzi mawili yakae mstari wa 2 na wa 3, bonasi mstari wa 4:

```
E2: =B2*C2+D2
E3: =B3*C3+D3
E4: 0
Wastani: =SUM(E2:E4)/SUM(B2:B4)
```

Fomula hiyo itakupa 1.00782. Usiikate kuwa 1.01 ukiwa bado katikati ya hesabu. Kwa hisa za bei ndogo kama hizi, sehemu hiyo ya senti mara elfu sita inageuka karibu shilingi 13. Kata mwishoni.

Ada, na jinsi ya kujua kama zimezidi

Kwenye hati ya ununuzi utaona kwanza thamani ya hisa zenyewe, kisha makato. Kubwa ni kamisheni ya dalali. Ndogo ni za mamlaka ya masoko ya mitaji, CMA, za soko lenyewe, NSE, za CDSC, na mfuko wa kuwafidia wawekezaji. Jumlisha makato yote, gawanya kwa thamani ya hisa. Kwa Mwalimu, 102.60 kwa 5,700 ni asilimia 1.8, na 75.60 kwa 4,200 ni 1.8 vilevile. Uwiano ukiwa ule ule kwenye kila hati, huna la kuuliza zaidi ya kama kiwango hicho ndicho mlichokubaliana na dalali.

Uwiano ukiruka ghafla kwenye ununuzi mdogo, sababu ya kawaida ni kamisheni ya chini kabisa. Madalali wengine wana kiasi ambacho hawashuki chini yake hata ukinunua hisa za shilingi 500. Si wizi, imo kwenye mkataba, lakini inaupandisha wastani wako kwa kiwango unachokihisi. Anayenunua kidogo kidogo kila mwezi aikague hii kuliko mwingine yeyote.

Ada za kuuza nazo zipo, na hazionekani kwenye taarifa hadi utakapouza. Faida yoyote ambayo bado iko sokoni itapungua kidogo siku ya kuigeuza kuwa pesa.

Mauzo ya sehemu: wastani hausogei

Baada ya bonasi, mwanzoni mwa 2025, Mwalimu aliuza hisa 4,000 kwa shilingi 1.50. Thamani 6,000, ada 108, akapokea 5,892.

Hisa hizo 4,000 zilimgharimu kiasi gani? Zidisha kwa wastani wa 1.00782, upate 4,031.28. Faida aliyoshika mkononi ni 5,892 toa 4,031.28, yaani 1,860.72. Gharama iliyobaki ni 10,078.20 toa 4,031.28, sawa na 6,046.92 kwa hisa 6,000. Gawanya uone: 1.00782 tena. Kuuza kunapunguza idadi na kunapunguza gharama kwa kiwango kile kile, kwa hiyo wastani hautikisiki.

Kuna mifumo, na kuna watu wengi wenye daftari, wanaofanya tofauti. Wanachukua gharama yote, wanatoa pesa ya mauzo, wanagawanya kwa hisa zilizobaki. Kwa Mwalimu ingekuwa 10,078.20 toa 5,892, sawa na 4,186.20, kwa hisa 6,000, yaani karibu senti 70. Hiyo namba ina maana yake: ni bei ambayo, ukiacha ada za kuuza, hisa zilizobaki zikiuzwa pesa yote itakuwa imerudi. Lakini si bei ya wastani ya ununuzi, na ukiichanganya na faida uliyokwisha kuishika unahesabu faida ile ile mara mbili. Kama wastani kwenye taarifa yako ulishuka siku uliyouza, ujue mfumo unatumia njia hii.

Gawio, kodi, na tarehe ya kufunga daftari

Gawio la 2024 lilimkuta Mwalimu na hisa 5,000, kwa sababu bonasi ilikuwa haijaingia. Hisa 5,000 kwa senti 30 ni 1,500. Serikali hukata asilimia 5 ya kodi ya zuio kwa mkazi wa Kenya kabla pesa haijakufikia, hivyo 75 zikaenda, akapokea 1,425. Kodi hiyo ni ya mwisho. Hadaiwi tena juu ya gawio hilo.

La 2025 lilimkuta na hisa 6,000, baada ya mauzo. Senti 15 mara 6,000 ni 900, toa 45, akapata 855. Alipoona gawio kwa hisa limeshuka kutoka senti 30 hadi 15 alidhani kampuni imeyumba. Sivyo. Hisa zilikuwa mara mbili, kwa hiyo senti 15 kwa hisa bilioni 5.6 na senti 30 kwa hisa bilioni 2.8 ni karibu shilingi milioni 840 zile zile.

Njia ya kukagua gawio ni moja: tafuta tarehe ambayo kampuni ilitangaza kufunga daftari la wanahisa, tazama kwenye taarifa ya CDSC ulikuwa na hisa ngapi siku hiyo, zidisha kwa gawio, zidisha kwa 0.95. Jibu lilingane na pesa iliyoingia hadi senti ya mwisho. Kumbuka zile siku tatu za makabidhiano. Aliyenunua siku moja kabla ya daftari kufungwa, jina lake halikuwahi kufika kwenye daftari hilo, na gawio lilimwendea aliyemuuzia.

Pesa isipoonekana popote, kwanza muulize msajili wa hisa, kwa kuwa namba ya simu au akaunti ya benki iliyobadilika ndiyo sababu ninayoiona mara nyingi zaidi. Gawio lililokaa miaka bila mwenyewe hupelekwa kwa UFAA, mamlaka ya mali isiyodaiwa, na linaweza kudaiwa kutoka huko. Hili linawahusu hasa wanaoshughulikia hisa za wazazi waliofariki.

Na kodi ya faida ya mtaji? Hisa zinazouzwa kwenye Soko la Hisa la Nairobi zimesamehewa kodi hiyo. Ukiona makato yenye jina hilo kwenye hati ya mauzo ya hisa zilizoorodheshwa Nairobi, dai maelezo.

Weka pamoja, kisha jaribu kwa njia ya pili

Sasa tuna kila kipande cha Mwalimu. Hisa 6,000 zilizobaki zina thamani ya 10,800 kwa bei ya soko ya 1.80. Gharama yake ni 6,046.92. Faida iliyo bado sokoni ni 4,753.08, na si hasara ya 1,080. Ongeza 1,860.72 aliyoshika kwa kuuza. Ongeza gawio mbili, 1,425 na 855, ambazo ni 2,280. Jumla ni shilingi 8,893.80.

Usiiamini namba hiyo kabla ya kuipima kwa njia isiyotumia wastani kabisa. Jumlisha pesa yote iliyorudi: 5,892 za mauzo na 2,280 za gawio. Ongeza thamani ya kilichobaki, 10,800. Inakuwa 18,972. Toa pesa yote iliyotoka, 10,078.20. Inabaki 8,893.80. Njia mbili, jibu moja. Zisipokutana, kuna muamala uliousahau au ulioandika mara mbili. Mara nyingi tofauti yenyewe itakuambia ni upi, kwa kuwa italingana na kiasi fulani kwenye hati zako.

Mwalimu akiuza vyote leo kwa bei hiyo, atakatwa ada ya 194.40. Kwa hiyo kwa uangalifu ahesabu 8,699.40.

Kilichobaki ni kueleza pengo kati ya taarifa na ukweli, na hapa usiridhike na "karibu". Taarifa inasema −1,080, hesabu yetu inasema +4,753.08. Pengo ni 5,833.08. Bonasi isiyorekebishwa inaongeza gharama kwa senti 99 kwa kila hisa, mara 6,000, sawa na 5,940. Ada zisizohesabiwa zinapunguza gharama ya taarifa kwa 106.92. Toa hiyo kutoka kwa ile: 5,833.08. Pengo lote limepata mwenyewe, hakuna shilingi inayoelea.

Kujua hivyo kunabadilisha unachomwambia dalali. Zile 106.92 ni mfumo wake wa kutohesabu ada. Unaweza kutoupenda, lakini anaruhusiwa kuutumia mradi ajieleze. Zile 5,940 ni kosa, na kosa hurekebishwa.

Kumwandikia dalali

Usipige simu tu. Andika barua pepe fupi yenye namba, uambatishe taarifa ya CDSC inayoonyesha bonasi na hati za ununuzi. Ya Mwalimu ilikuwa na sentensi chache tu:

"Taarifa yangu inaonyesha hisa 6,000 za Kenya Re kwa wastani wa 1.98. Wastani huo ni wa kabla ya bonasi ya hisa moja kwa kila moja ya mwaka 2024. Nilinunua hisa 5,000 kwa jumla ya shilingi 9,900 bila ada, na baada ya bonasi zikawa 10,000, hivyo wastani bila ada unapaswa kuwa 0.99. Naomba mrekebishe, na mniambie kama wastani wenu unajumuisha ada za ununuzi au la. Nimeambatisha hati."

Nilimshauri atumie wastani usio na ada katika barua hiyo, ingawa kwa daftari lake mwenyewe anatumia 1.0078. Ukimwandikia dalali kwa kipimo chake, hana nafasi ya kukujibu kuwa mnahesabu tofauti. Alirekebishiwa. Taarifa iliyofuata ilisoma 0.99 na faida ya 4,860, ambayo ni ile 4,753.08 yetu pamoja na 106.92 za ada. Iangalie taarifa mpya kwa namna hiyo hiyo, maana kuna wakati bonasi hurekebishwa mara mbili na wastani ukashuka hadi nusu ya nusu.

Dalali asipojibu, au akijibu bila kugusa namba, malalamiko hupelekwa kwa CMA, na barua yako yenye hesabu pamoja na viambatisho ndiyo utakayowapelekea.

Kesi moja unapaswa kuitarajia hata dalali awe mwangalifu vipi: hisa zilizohamishwa kutoka kwa dalali mwingine. Hisa huhama kupitia CDSC, lakini bei uliyonunulia haihami nazo, kwa kuwa CDSC hawabebi historia hiyo. Dalali mpya ataziandikia sifuri, au bei ya soko ya siku zilipoingia. Ya sifuri inakuonyesha faida kubwa ya ajabu. Ya bei ya siku ni mbaya zaidi kwa sababu inaonekana ya kawaida kabisa, na mwenye Safaricom za shilingi 5 anaweza kuambiwa yuko kwenye hasara. Baadhi ya madalali watakubali kuingiza bei yako ukiwapa hati za zamani. Wengine mfumo wao haukubali, na hapo faida ya kweli itakaa kwenye jedwali lako peke yake, kwa hiyo hifadhi nakala yake pamoja na hati mahali ambapo simu ikipotea haviendi nayo.